Du na Ngo: Kusafisha Vishindo Kwenye Sauti ya Msimulizi

Tangazo la nusu dakika linaweza kusikika safi kabisa kwenye simu, kisha likachezwa ndani ya daladala lenye spika kubwa chini ya kiti cha nyuma, na abiria wakasikia mtu anatembea ndani ya tangazo. Msimulizi anaendelea kutaja bei za mabati, na chini ya maneno yake kuna du, du, du. Hakuna aliyeongeza kitu njiani. Vishindo vilikuwemo tangu sauti iliporekodiwa, ila spika ya simu ni ndogo mno kutoa sauti nzito kiasi hicho. Karibu kila kitu kilicho chini ya hezi 200 kinapotea humo, na hatua za mtu juu ya sakafu zimelala chini zaidi ya hapo. Ndiyo maana swali la kwanza ninalomwuliza msimulizi anayeniletea faili ni kwamba amelisikiliza kwa kutumia nini. Akijibu simu, nahesabu kwamba hajalisikiliza.

Wasimulizi wengi siku hizi hurekodi nyumbani, awe anasoma matangazo, kitabu cha kusikiliza au maelezo ya video ya mafunzo. Chumba cha kulala kinageuzwa studio: pazia zito, kabati la nguo limeachwa wazi, godoro limesimamishwa ukutani. Hayo yote yanasaidia dhidi ya mwangwi. Dhidi ya vishindo yanasaidia kidogo sana, kwa sababu kishindo hakitegemei hewa ili kifike. Mtoto akiruka ghorofa ya juu, au jirani akitwanga kisamvu uani, nguvu ya pigo inaingia kwenye zege, inapanda miguu ya meza, inapita kwenye stendi na kuitikisa maiki yenyewe. Na ile sehemu ndogo inayopita hewani nayo haizuiliki kwa povu la ukutani. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, kwa hiyo povu la sentimita 5 halina la kulifanya.

Dawa ya chanzo inajulikana: maiki iondoke mezani, stendi yake isimame sakafuni juu ya blanketi lililokunjwa au kipande cha godoro, na maiki ining'inizwe kwenye kishikio chenye mipira inayomeza mtikisiko. Msimulizi naye avue pete na saa. Lakini mhariri hupata faili likiwa limeshaiva. Msimulizi ameshapanda basi la Dodoma, tangazo linatakiwa hewani saa kumi na moja, na mteja anataka kusikia sauti, si sababu.

Ninavyovisikia mimi, vishindo hivi vina milio miwili, nami huviita kwa milio yake. Du ni kishindo cha sakafu: mguu, mlango mzito, mchi ndani ya kinu, lori linalopita kwenye tuta. Kinaanza taratibu, kinadumu sehemu moja au mbili za kumi za sekunde, na nguvu yake kubwa iko kati ya hezi 20 na 80. Ngo ni meza iliyogongwa: goti, kikombe, kalamu iliyowekwa kwa haraka, pete iliyogusa ubao. Ngo inaanza ghafla, na ule mwanzo wake mkali unafika hadi maelfu ya hezi. Baada ya hapo ubao wa meza unavuma kwa muda mfupi, mara nyingi kati ya hezi 100 na 400, palepale inapoishi sauti ya binadamu. Tofauti hii ndiyo inayoamua kazi yote inayofuata. Du unaweza kuifuta kwa kichujio kimoja kwenye faili zima. Ngo inahitaji mkono.

Kichujio chenyewe ni kile ambacho mafundi wengi hukiita kukata besi. Kinaruhusu sauti za juu zipite na kuzipunguza zile za chini ya mpaka uliouweka. Kinafaa kwa sauti ya msimulizi kwa sababu moja rahisi: mtu anapoongea, nyuzi za sauti hutetemeka kwa kasi fulani, na chini ya kasi hiyo hakuna chochote kinachotoka kooni mwake. Kwa wanaume wengi kasi hiyo ni kati ya mara 85 na 180 kwa sekunde, na kwa wanawake kati ya 165 na 255. Kilicho chini ya hapo kwenye faili ni mali ya sakafu, feni na barabara, na ukikikata msimulizi hapungukiwi kitu.

Baadhi ya maiki zina swichi ya kazi hii kwenye mwili wake. AT2035 ya Audio-Technica, kwa mfano, ina swichi inayokata kuanzia hezi 80. Mimi hupendelea swichi hiyo izimwe wakati wa kurekodi na besi ikatwe baadaye kwenye kompyuta, kwa kuwa kilichokatwa na maiki hakirudi. Anayerekodi kwenye nyumba ya ghorofa yenye watoto wengi aiwashe tu, hatapoteza kitu cha maana.

Tuchukue tangazo moja tulifanyie kazi mwanzo hadi mwisho. Msomaji ni mwanaume mwenye sauti nzito kiasi, amekaa mezani, maiki ikiwa juu ya stendi fupi ya mezani. Maneno yake ni haya: “Wazazi wanaombwa kuwapeleka watoto kliniki kabla ya mwisho wa mwezi. Chanjo inatolewa bure. Mpeleke mtoto kliniki akiwa na kadi yake.” Ndani ya sentensi ya kwanza kuna mtu anatembea ghorofa ya juu. Goti la msomaji limegonga meza alipofika kwenye neno “kliniki”. Kalamu imeanguka kwenye ubao katikati ya “mwisho”. Na baada ya “mwezi”, wakati wa kituo, ameweka kikombe mezani.

Natumia Audacity, kwa kuwa ni ya bure na wengi wanayo, lakini programu nyingine zina vitu vilevile kwa majina yanayofanana. Kabla ya yote natengeneza nakala ya treki kwa `Ctrl+D`, naizima ile ya asili na kuiacha pembeni. Halafu nabadili mwonekano wa treki kuwa `Spectrogram`, yaani picha ambayo wakati unakwenda kushoto kulia na uzito wa sauti unakwenda chini juu. Kwenye mipangilio yake nashusha kiwango cha juu kabisa hadi hezi 1,000, kwa sababu ninachokitafuta kiko chini na sihitaji kuona “s” na “f” zikijaza skrini.

Picha inaeleza mengi. Sauti ya msomaji inaonekana kama ngazi ya mistari ya ulalo, na mstari wa chini kabisa unacheza kwenye hezi 110 hivi, ukipanda anaposisitiza. Mwishoni mwa sentensi, kwenye “mwezi”, unashuka hadi karibu 90. Hatua za miguu ni madoa mekundu chini ya ngazi hiyo, manne, yaliyopishana kwa karibu nusu sekunde kila moja. Huo ndio mwendo wa mtu anayetembea kawaida, na unasaidia kuzitambua. Doa la tano, chini ya “kuwapeleka”, liko nje ya mpango huo na limeanza pamoja na “p”. Hilo si mguu. Ni pumzi ya “p” iliyopiga maiki moja kwa moja kutoka mdomoni. Inatibiwa karibu vilevile, lakini ni vizuri kujua, maana dawa yake ya kesho ni kusogeza maiki pembeni kidogo mwa mdomo, si kumlalamikia jirani.

Kwa bahati hatua ya kwanza imeangukia kabla msomaji hajafungua kinywa. Naichagua peke yake, pamoja na ukimya unaoizunguka, naenda kwenye menyu ya `Analyze` na kufungua `Plot Spectrum`. Kilele kiko kwenye hezi 42. Sasa nina namba mbili ninazozihitaji: vishindo viko 42, na sauti ya msomaji haishuki chini ya 90. Mpaka unawekwa katikati ya hizo mbili, karibu zaidi na sauti.

Kwenye menyu ya `Effect` nachagua `High-Pass Filter`. Inauliza mambo mawili: `Frequency`, ambayo naiandika 80, na `Roll-off`, yaani ukali wa mteremko, ambao nauweka desibeli 24 kwa oktava. Oktava ni nusu au mara mbili, kwa hiyo ukishuka kutoka 80 hadi 40 umeshuka oktava moja, na kilichopo hapo kimepungua kwa desibeli 24 hivi. Kishindo chetu cha hezi 42 kinapungua kwa takriban desibeli 22, maana yake kinabaki chini ya sehemu ya kumi ya urefu wake wa awali. Upande wa pili, sauti ya msomaji kwenye hezi 110 inapoteza chini ya nusu ya desibeli, jambo ambalo hakuna sikio litakaloligundua. Hata kwenye ule mshuko wa “mwezi” inapoteza desibeli moja na nusu tu.

Wako wanaoweka 120 au 150 kwa kila mtu ili kuwa na uhakika. Kwa msimulizi wa kike mwenye sauti nyembamba, 120 inaweza kupita bila madhara. Kwa msomaji huyu ingemwondolea kifua, na mteja angeuliza kwa nini daktari amegeuka kijana. Unaweza kujipima kwa urahisi: washa na kuzima kichujio huku ukisikiliza maneno tu, si kishindo. Ukisikia sauti ya mtu inabadilika, umepita mpaka. Mteremko nao usiwe mkali kupita kiasi. Desibeli 48 inavutia kwa namba, lakini kichujio kikali huacha mvumo mfupi karibu na mpaka wake kila kinapopigwa na kishindo, na hapo unakuwa umebadilisha du moja kwa nyingine iliyorefuka.

Kazi hii ifanywe mapema, kabla ya kompresa na kabla ya kupandisha sauti hadi kiwango cha redio. Kompresa inapima nguvu ya sauti nzima na haijui kilicho neno na kilicho mguu. Kishindo kizito kinapopita, inabana, na neno lililo juu yake linazama kwa robo ya sekunde kisha linaibuka. Msikilizaji wa simu hasikii kishindo, lakini anasikia neno linazama na hajui kwa nini. Ukikata besi baada ya hapo, kishindo kinaondoka na lile zamio linabaki, na halina tiba rahisi.

Baada ya kichujio nasikiliza upya kwa hedifoni zinazofunika sikio lote. Hatua ya kwanza, ya pili na ya nne hazipo tena. Ya tatu ilikuwa kubwa, na mabaki yake yako chini ya “wanaombwa”, hasa pale kwenye “mbwa”. Hapa ndipo inapobidi kuijua lugha kama unavyoijua mashine. Kwenye “mb”, “nd” na “ng” sauti inaanza kwa mvumo wa puani ambao nguvu yake iko chini. Hata “b” na “d” za Kiswahili zikisimama zenyewe huwa na mvumo mdogo wa koo kabla hazijafunguka, kwa sababu wengi wetu huzitamka kwa kuvuta hewa kidogo ndani. Ukipandisha kichujio mahali hapo unapata “waombwa” iliyokauka, kama imesomwa kwenye simu. Kwa hiyo nayaacha mabaki hayo. Yamefunikwa na neno, na ukiondoa neno kwa mawazo ndipo unayasikia. Kuna wahariri wasioweza kulala wakijua kuna kitu kimebaki. Mimi nina faili jingine linanisubiri.

Sasa ngo tatu. Kichujio kimezipunguzia uzito, hazitetemeshi tena spika, lakini bado zinasikika hata kwenye simu, na hicho ndicho kipimo chake. Kilichobaki baada ya kukata besi na bado kinasikika kwenye simu ni kazi ya mkono.

Naanza na kikombe, maana kiko kwenye kituo ambako hakuna neno. Anayeanza kazi hii hukimbilia kuchagua sehemu hiyo na kuifuta iwe kimya kabisa. Matokeo yake ni shimo. Chumba chochote kina mvumo wake: feni ya kompyuta, barabara ya mbali, umeme. Sikio haliusikii mvumo huo mpaka ukatike ghafla, na ukikatika msikilizaji anahisi redio imezimika. Kinachotakiwa ni kipande cha ukimya wa chumba hichohicho. Ndiyo maana humwomba kila msimulizi akae kimya kwa sekunde kumi mwanzoni mwa faili kabla hajaanza. Asipofanya hivyo, natafuta kituo kingine kisicho na pumzi wala kishindo, hata kama ni cha nusu sekunde.

Kituo cha baada ya “mwezi” kina urefu wa sekunde moja na kidogo. Msomaji anamaliza neno, kikombe kinagonga, halafu anavuta pumzi na kuanza “Chanjo”. Pumzi ile siigusi. Bila pumzi, sentensi mbili zinakaa kama zimegundishwa na mashine. Nachukua kikombe peke yake pamoja na mvumo wake wa meza, ambao unaonekana kwenye picha kama mkia mwembamba karibu na hezi 180, na mkia huo ndio watu husahau kuukata. Nakili ya ukimya naiweka kwenye treki ya pili, chini kabisa ya mahali pa kikombe, ikiwa ndefu kidogo kuliko pengo. Kwenye treki ya juu nafifisha sauti kwa milisekunde kumi kabla ya kikombe kwa `Fade Out`, na kuirudisha kwa `Fade In` baada yake. Kipande cha chini nakifanyia kinyume chake. Treki mbili zinapishana kwa muda huo mfupi mno, na mshono hausikiki. Urefu wa kituo unabaki uleule, jambo muhimu kama sauti inafuata picha za video.

Ngo ya pili ni kalamu iliyoangukia “mwisho”, na imeangukia mahali pazuri kuliko pote: juu ya “sh”. Herufi hii haitumii nyuzi za sauti hata kidogo. Ni hewa inayopita kati ya ulimi na kaakaa, na nguvu yake iko juu ya hezi 2,000. Vivyo hivyo “s”, “f” na sehemu kubwa ya “k”, “t” na “ch”. Maana yake ni kwamba ndani ya “sh” hiyo ninaweza kupandisha mpaka wa kichujio mbali sana bila kumgusa msomaji. Navuta picha kwa `Ctrl+1` mpaka “sh” inajaza skrini. Inaonekana waziwazi: mawimbi mapana ya “i” yanaisha, unaanza mchanganyiko mnene wa mistari midogo, kisha mawimbi mapana ya “o”. Nachagua ule mchanganyiko tu, kutoka ukingo hadi ukingo, na kuendesha `High-Pass Filter` tena, safari hii kwa hezi 400. Mvumo wa meza umeondoka. Kilichobaki ni ule mwanzo mkali wa kalamu, ncha moja ndefu iliyosimama juu ya “sh”. Naichagua ncha hiyo, milisekunde chache, na kuishusha kwa `Amplify` hadi ilingane na majirani zake.

Hatari ya kuchuja kipande kifupi iko kwenye kingo zake. Ndani ya kipande besi imeondolewa, nje ipo, na mawimbi yakikutana kwa urefu tofauti kunatokea mlio mdogo wa “tik”, ambao ni mbaya kuliko kalamu yenyewe. Kwa hiyo baada ya kuchagua nabonyeza `Z`, na programu inasogeza kingo hadi mahali ambapo wimbi linakata mstari wa katikati. Ikibaki “tik”, narudi kwa `Ctrl+Z` na kuchagua upya milisekunde chache kulia au kushoto.

Goti ndilo gumu. Limegonga kwenye “ni” ya “kliniki”, silabi inayobeba mkazo, na irabu yake ni ndefu na ya wazi. Mvumo wa meza wa hezi 180 umekaa kati ya mistari ya sauti ya msomaji. Kuukata kwa kichujio ni kumkata na yeye. Programu za kulipia kama RX ya kampuni ya iZotope zina chombo kiitwacho `Spectral Repair`, ambacho unakitumia kuzungushia doa kwenye picha na kulipunguza peke yake, na kwa mtu anayesafisha vitabu vizima kinalipa gharama yake. Lakini hata hicho kinabahatisha irabu inavyopaswa kuwa, na kwenye silabi ya mkazo kubahatisha husikika.

Kwenye tangazo hili neno lenyewe limesomwa mara mbili, na la pili ni safi. Siazimi silabi moja, naazimi neno, kwa sababu ya namna linavyoanza na kuisha. “K” hutamkwa kwa kuziba hewa kwanza, na wakati hewa imezibwa kuna ukimya mfupi, kati ya milisekunde 50 na 100, kabla haijaachiwa. Ukimya huo ndio mahali pa kukata. Hauna wimbi la kuvunja na hauna irabu ya kulinganisha. “Kliniki” ina “k” mbili, moja inafungua neno na nyingine iko kabla ya “i” ya mwisho. Kwa hiyo ninachohitaji ni kipande cha “klini” kilichoanzia kwenye ukimya wa “k” ya kwanza na kuishia kwenye ukimya wa “k” ya pili. Nakili hiyo natoa kwenye sentensi ya tatu na kuipandikiza kwenye ya kwanza. “Ki” ya mwisho inabaki ileile ya awali. “P” na “t” zinafaa kwa kazi hii kama “k”. “M”, “n”, “l”, “w” na “y” hazifai, kwa kuwa sauti inapita ndani yake bila kukatika.

Si kila “kliniki” ingekubali. Neno lililo mwisho wa sentensi linashuka, na ukilipandikiza katikati msomaji anasikika kama amekata tamaa ghafla. Bahati yetu ni kwamba yote mawili yako katikati: “kliniki kabla ya”, “kliniki akiwa na”. La pili limesomwa juu kidogo, desibeli mbili hivi, nami nalishusha. Mkazo uko palepale, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo urefu wa irabu unalingana. Mtu angeazima “ni” kutoka “nyumbani”, ambako iko mwisho na haina mkazo, angepata silabi fupi na nyonge. Mshono wa aina hiyo masikio ya Waswahili hulikamata mara moja hata kama msikilizaji hawezi kusema kasoro ni nini.

Huenda mtu akauliza kwa nini sijagusa ile `Noise Reduction` ambayo kila anayeanza huifungua kwanza. Kifaa hicho kinajifunza kelele isiyobadilika, kama feni au mvumo wa umeme, kisha kinaipunguza kila inapojitokeza. Kishindo kinatokea mara moja na kuondoka, na cha pili hakifanani na cha kwanza. Ukikipa kifaa hicho mfano wa mguu, kitaupunguza mguu kidogo na kuiacha sauti ya msomaji ikisikika kama iko ndani ya mtungi.

Ukaguzi wa mwisho naufanya baada ya kompresa na baada ya sauti kupandishwa hadi kiwango chake, si kabla. Faili lililorekodiwa kwa sauti ya chini linaweza kupandishwa desibeli 10 au zaidi, na vyote vilivyosalia vinapanda pamoja nalo. Nasikiliza mara moja kwa hedifoni, nikiangalia vituo na si maneno, kisha mara moja kwa spika kubwa yenye besi. Mabaki ya “wanaombwa” bado hayasikiki. Yangesikika, ningerudi na kupandisha mpaka kutoka 80 hadi 90 kwenye neno hilo peke yake na kukubali kupoteza kidogo.

Kuna ngo isiyotoka. Kama goti lingegonga juu ya jina la mteja, lililotajwa mara moja tu, au kwenye “Chanjo” ambayo haina mwenzake, nisingepoteza saa nzima nikichonga. Ningempigia msimulizi. Na ningemwomba asome sentensi nzima pamoja na ile iliyotangulia, si neno moja, kwa kuwa neno lililosomwa peke yake huja na mshuko wa mwisho wa sentensi. Akae umbali uleule kutoka kwenye maiki, maana maiki nyingi zinazosikiliza upande mmoja huongeza besi kadiri mdomo unavyosogea. Kipande kipya nacho kipitishwe kwenye kichujio kilekile, hezi 80 na desibeli 24, kabla ya kuunganishwa. La sivyo sentensi moja itakuwa na kifua kizito kuliko wenzake, na mteja ataisikia hiyo hata kwenye simu.